Mofini ya maji nyumbani: dozi ya kuanzia, dozi ya ziada, na hofu ya uteja

Mgonjwa wa saratani anaruhusiwa kutoka hospitali, na familia inarudi kijijini na chupa ya mofini ya maji, daftari la kliniki na maelezo ya dakika chache. Chupa inafungiwa sandukuni. Mgonjwa anapewa pale tu anapolia, kwa sababu kila mtu ndani ya nyumba anaogopa asije akawa teja. Mwongozo huu ni wa nyumba ya namna hiyo, iwe Chamwino, Bahi, Kongwa au Dodoma mjini, yenye mgonjwa mtu mzima na chupa aliyoandikiwa na daktari. Nitakachokisisitiza kuliko vyote ni hiki: kumsubiri mgonjwa alie ndipo umpe dawa ndiko kunakomfanya aonekane teja. Akipewa kwa saa zilizopangwa, sura hiyo huondoka.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Ni mama wa miaka 52, wa kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Alipata mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, akarudi nyumbani, na sasa anaumwa kiuno na nyonga kiasi cha kushindwa kulala. Amekuwa akitumia panadoli na tramadoli mara tatu kwa siku, hazimtoshi. Anayemhudumia ni binti yake. Mjomba wa binti huyo, yaani kaka wa mgonjwa, ndiye mwenye sauti nyumbani. Nimeutunga mfano huu, lakini kila kilichomo hutokea.

Kwanza, isome chupa

Kabla ya saa, kabla ya kipimo, soma lebo. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Ile nyepesi huandikwa 5mg/5ml, maana yake kila mililita moja ina miligramu moja ya mofini. Ile kali huandikwa 50mg/5ml, yaani kila mililita moja ina miligramu kumi. Kipimo kile kile cha mililita 5 kinampa mgonjwa miligramu 5 kwenye chupa ya kwanza na miligramu 50 kwenye ya pili. Hili ndilo kosa la kipimo linaloweza kuua, na hutokea zaidi siku ya kuchukua chupa mpya, kwa sababu mtu ameshazoea "kijiko kimoja" au "mpaka mstari huu".

Usitegemee rangi ya dawa. Rangi hutegemea aliyeitengeneza. Mwombe mfamasia au nesi aandike dozi kwenye daftari kwa namna mbili, miligramu na mililita, na kila chupa mpya ikifika linganisha lebo yake na daftari kabla ya kuifungua. Zikitofautiana, usimpe kitu kabla hujapiga simu.

Kipimo kiwe bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 au 10. Vijiko vya nyumbani havilingani. Dawa ni chungu, kwa hiyo mpe kwa bomba taratibu pembeni mwa shavu, kisha umfuatishie juisi ya ubuyu au uji. Si lazima awe amekula.

Joto la Dodoma na jua havifai kwa dawa hii. Usiiweke juu karibu na bati wala dirishani. Iweke chini, penye kivuli, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli. Kufuli ni kwa ajili ya watoto, ambao huiona ni sharubati, na kwa ajili ya kijana yeyote ambaye angetaka kuijaribu. Usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji hata kama ya kwake imevuja kizibo.

Siku ya kwanza: dozi ya kuanzia na saa zake

Dozi ya kuanzia hupangwa na aliyeandika dawa. Ni vizuri hata hivyo familia iijue, ili itambue dozi isiyo ya kawaida. Mtu mzima ambaye dawa kama tramadoli hazimtoshi tena huanza kwa kawaida na miligramu 5 kila baada ya saa nne. Mzee, mtu aliyekonda sana, au mwenye shida ya figo huanzishiwa nusu yake, miligramu 2.5, na wakati mwingine kwa nafasi ndefu zaidi. Mama wa mfano wetu aliandikiwa miligramu 5, chupa yake ni ile nyepesi, kwa hiyo ni mililita 5. Tramadoli ilisimamishwa siku hiyo hiyo, kwa maana ni ya jamii moja na mofini. Panadoli aliendelea nayo, kwani inafanya kazi kwa njia nyingine na husaidia.

Saa nne zinatokana na jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini. Mofini ya maji huanza kupunguza maumivu baada ya kama nusu saa, hufika kileleni karibu na saa moja, na ikifika saa ya nne imekwisha. Ukimpa asubuhi na jioni tu, umemwachia saa nyingi za kuumia katikati. Ratiba rahisi kwa nyumba zetu ni hii: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku huwa maradufu, mililita 10 kwa mama huyu, ili apite usiku bila kuamshwa saa 8. Kwa hiyo anakunywa mara tano lakini amepata dozi sita, jumla miligramu 30 kwa siku. Dozi hiyo maradufu iwe imeandikwa na daktari au nesi. Isiwe uamuzi wa nyumbani.

Weka kengele kwenye simu. Mpe hata kama saa hiyo hajisikii maumivu, kwani kutojisikia maumivu ndiyo dalili kwamba dozi iliyopita bado inamshikilia. Ukimkuta amelala, mwite kwa jina na umguse bega. Akiamka kirahisi na kukujibu vizuri, mpe. Asipoamka vizuri usimpe. Nitalirudia hili chini.

Jambo moja la siku mbili tatu za mwanzo huwatisha watu bure: mgonjwa hulala sana. Mara nyingi ni usingizi wa mtu ambaye hajalala wiki nzima kwa maumivu, pamoja na mwili kuizoea dawa. Kama anaamka, anaongea na anakula, mwacheni alale.

Dozi ya ziada

Hata ratiba ikifuatwa, maumivu huweza kupenya katikati, tuseme saa 6 mchana, wakati dozi ya saa 4 bado ipo mwilini. Hapo ndipo dozi ya ziada inapotumika. Kiasi chake ni sawa na dozi moja ya kawaida ya wakati huo. Mama anayekunywa mililita 5 kila saa nne, ziada yake ni mililita 5. Mpe maumivu yanapoanza, usisubiri yapande. Ngoja saa moja. Yakiwa bado yapo na yuko macho sawasawa, mpe nyingine. Zikiwa mbili mfululizo na hajapata nafuu, piga simu kwa nesi wako wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso.

Dozi ya ziada haifuti ile ya ratiba, na hapa familia nyingi hukosea. Binti alimpa mama yake ziada saa 7 mchana, saa 8 ilipofika akairuka kwa kuogopa "kumzidishia". Matokeo yake saa 10 mama alikuwa analia, na ziada mbili zilizofuata zilitumika kufukuzia maumivu yaliyokwisha kupanda. Kama mgonjwa yuko macho, ya saa 8 inabaki ya saa 8.

Kuna ziada ya aina ya pili, inayotolewa kabla ya jambo linalojulikana kuuma: kuogeshwa, kubadilishwa kitambaa cha kidonda, kupandishwa bajaji kwenda kliniki. Mpe nusu saa kabla.

Kila ziada iandikwe kwenye daftari: saa, mililita, na sababu. Maumivu yapimwe kwa vidole vya mkono mmoja, kidole kimoja kwa maumivu madogo, vitano kwa yasiyovumilika, kabla ya dozi na saa moja baadaye. Bila maandishi hayo nesi hana cha kukokotolea.

Siku ya tatu: hesabu ya dozi mpya

Daftari la mama wetu la siku ya pili lilisomeka hivi. Dozi za ratiba zote tano alipata, miligramu 30. Ziada nne: saa 2 asubuhi kabla ya kuogeshwa, kisha saa 6 mchana, saa 10 na saa 2 usiku, zote tatu kwa maumivu yaliyojitokeza yenyewe.

Nesi aliiweka kando ile ya kuogeshwa. Maumivu yanayoletwa na kugeuzwa yanatibiwa kwa ziada ya kabla. Ukiyaingiza kwenye dozi ya kila siku, mgonjwa atasinzia muda wote ambao hagusiki. Akabaki na ziada tatu, miligramu 15. Thelathini na kumi na tano ni 45. Akagawa kwa sita, kwa kuwa siku ina vipindi sita vya saa nne, akapata 7.5. Dozi mpya ya ratiba ikawa mililita 7.5, ya saa 4 usiku mililita 15, na ziada nayo ikapanda kuwa mililita 7.5. Watu husahau hiyo ya mwisho, wakaendelea kutoa ziada ya zamani ambayo sasa ni ndogo mno.

Hesabu hii nimeiweka hapa ili uielewe pale nesi anapoibadilisha dozi kwa simu. Usiifanye peke yako. Yeye anaangalia pia figo, usingizi, na kama maumivu yenyewe ni ya aina inayosikia mofini. Yale ya kuchoma kama moto au kupiga shoti mguuni hutokana na mishipa ya fahamu iliyobanwa, na mara nyingi huhitaji kuongezewa amitriptilini usiku kuliko kupandishiwa mofini.

Hakuna kiwango cha juu ambacho mofini hugota. Mgonjwa mmoja hutulia kwa miligramu 5, mwingine kwa 60. Dozi inayofaa ni ile inayotuliza bila kumpoteza fahamu.

"Mtamgeuza dada yangu teja"

Mjomba aliisema kauli hiyo siku ya nne, dozi ilipopanda, akaamua mwenyewe iwe asubuhi na jioni tu. Kesho yake, ilipofika saa 7 mchana, mgonjwa alikuwa anauliza saa kila dakika chache. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku. Alimsihi binti, alimlaumu, alisema maumivu ni vidole vitano. Mjomba akasema, "Mnaona? Ameshakuwa teja."

Alichokiona ni cha kweli, ila alikisoma vibaya. Mtu ambaye dawa yake imeisha mwilini tangu saa 4 na hatapata nyingine mpaka jioni atauliza saa. Atasihi. Huenda hata akatia chumvi ili asikilizwe, kwa kuwa amejifunza kwamba humu ndani dawa hutolewa kwa kilio. Namna ya kutofautisha ipo, nayo ni rahisi: rudisha dawa kwenye saa zake, dozi ikiwa ya kutosha, kisha mtazame kwa siku mbili. Aliyekuwa anaumia huacha kuuliza. Anaanza kuzungumzia kuku, mvua, ada ya mjukuu. Teja halisi hatulii kwa kupata dozi iliyopangwa. Anaitafuta dawa zaidi hata pale inapomharibia maisha, na maisha yake yanazidi kufungwa. Huyu mama akiipata, maisha yake yanafunguka kidogo: anakaa mkekani, anakula ugali na mlenda, anatolewa nje kupunga upepo.

Nesi alimjibu mjomba kwa heshima na bila kumficha kitu. "Mjomba, kuna jambo moja ulilosikia ambalo ni kweli. Mwili wake utaizoea dawa. Tukiikata ghafla atatoka jasho, mafua, tumbo litamkata, ataharisha na hatatulia. Hiyo haimfanyi kuwa teja. Siku maumivu yakipungua, tutaishusha kidogo kidogo kila baada ya siku chache, na ataiacha." Hali hiyo ipo kweli: mionzi ikipunguza uvimbe kwenye mfupa, dozi hushushwa, na wagonjwa hushuka nayo.

Mjomba aliuliza pia mbona serikali inaikamata kama dawa ya kulevya. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inabana matumizi yasiyo ya tiba; mgonjwa mwenye cheti cha daktari na chupa yenye jina lake hana kosa. Tunza karatasi ya dawa pamoja na chupa, hasa mnaposafiri.

Hatari ya uteja kwa mgonjwa wa saratani anayepewa kwa saa ni ndogo, lakini si sifuri. Kama aliwahi kutumia bangi, heroini au pombe kwa wingi, mwambieni nesi bila aibu. Bado atatibiwa maumivu, ila atapewa dawa ya siku chache kwa wakati mmoja na mtu mmoja atashika ufunguo.

Hofu ya mwisho huwa haisemwi kwa sauti: kwamba mofini ni dawa ya kumharakisha. Inatokana na desturi ya kuianza ikiwa zimebaki siku mbili, akafa, dawa ikabeba lawama. Dozi inayopandishwa hatua kwa hatua kulingana na maumivu haimuui mtu, na wengi huishi nayo kwa miezi.

Choo, kichefuchefu, na figo

Mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na mwili hauzoei hilo kamwe. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile ya kwanza. Kwa kawaida ni bisakodili, kidonge kimoja au viwili usiku. Papai na maji husaidia lakini havitoshi peke yake. Siku tatu bila choo, piga simu. Nimeona familia zikiacha mofini kwa sababu ya tumbo lililojaa wakati kilichokosekana ni hicho kidonge. Kama mgonjwa anaharisha, kidonge hicho kisimamishwe kwanza.

Kichefuchefu huwapata baadhi, hudumu siku chache, na kina dawa yake, kama metoklopramidi. Kuwashwa na kinywa kukauka ni vitu vya kumwambia nesi, havikimbizi mtu hospitali.

Figo zinahitaji jicho la pekee kwa saratani ya shingo ya kizazi. Uvimbe unapokua huweza kubana mirija inayopeleka mkojo kwenye kibofu, figo zikaanza kushindwa. Mofini ikishavunjwavunjwa na ini, mabaki yake hutolewa na figo. Zikishindwa, mabaki yanajikusanya, na dozi iliyokuwa sawa mwezi uliopita inageuka kuwa nyingi bila mtu kuigusa. Hivi ndivyo utakavyotambua: mkojo unapungua, usingizi unaongezeka siku hadi siku badala ya kupungua, mikono au miguu inashtuka yenyewe, anaona watu ambao hawapo, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Kuharisha au kutapika sana kunaweza kuleta hali hiyo hiyo kwa kukauka maji. Ukiona hivyo, ruka dozi inayofuata na upige simu siku hiyo hiyo. Nesi au daktari atapunguza dozi au ataiweka kila baada ya saa sita au nane.

Kama haamki hata ukimtikisa, au ukihesabu pumzi zake kwa dakika nzima zikawa chini ya 10, usimpe tena na mpeleke hospitali na chupa yake. Ipo sindano ya kuirudisha mofini nyuma, naloksoni, lakini ni ya wahudumu wa afya. Usimchanganyie mofini na pombe wala dawa za usingizi kama diazepamu ambazo aliyemwandikia hazijui.

Chupa ikikaribia kwisha, na dawa inayobaki

Mofini haipatikani kila duka la dawa, kwa hiyo piga hesabu mapema. Mama wetu anatumia mililita 45 za ratiba na karibu ziada mbili za 7.5, jumla mililita 60 kwa siku. Chupa ya mililita 500 inampeleka siku nane. Anayekwenda mjini aondoke siku ya sita, akiwa na daftari na chupa ya zamani, akiwa amepiga simu kwanza kuuliza kama dawa ipo.

Mgonjwa akifika mahali pa kushindwa kumeza, msiikate ghafla. Pigeni simu. Nesi anaweza kuwapa ile chupa kali, ambayo kiasi kidogo sana hudondoshwa ndani ya shavu, na hapo ndipo kusoma lebo upya kunapohitajika kuliko siku zote, kwani mililita 7.5 za chupa ya kwanza ni mililita 0.75 tu za hii. Ombeni bomba dogo la mililita moja.

Msiba ukitokea, au dawa ikiachwa kwa sababu maumivu yamekwisha, inayobaki isipewe jirani mwenye mgonjwa, hata kama ugonjwa ni ule ule, wala isimwagwe chooni. Irudisheni hospitali mlikoichukua, ipokelewe na iandikwe kwenye rejista.